Pembe ya sala katika nyumba ya vyumba viwili

SOMO LA JAMAA
Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Mathayo 6:5-6, 1 Samweli 1:9-18, 2 Wafalme 20:1-6.



Katika Mathayo 6:6 Bwana Yesu anamtuma mwenye kuomba aingie ndani, mlango ufungwe, aseme na Baba pasipo kutazamwa na watu. Wengi wetu tukisoma andiko hili tunasema moyoni: hilo ni neno la wenye nyumba kubwa. Sisi tunakaa watu wanane katika vyumba viwili, na mlango wa chumba ni rido tu. Tufunge nini? Kwa hiyo tunangoja siku ya kwenda kanisani ili tuombe kwa utulivu, na siku zingine zote sala inafanywa mbiombio kitandani, usingizi ukiwa umekwisha kutushika.

Tuangalie kwanza neno lenyewe. Katika Kiyunani, lugha ambayo Injili iliandikwa, chumba hicho kinaitwa tameioni. Neno hilohilo linarudi katika Luka 12:24, pale Bwana anaposema juu ya kunguru ambao hawana mahali pa kuweka akiba. Maana yake ni gala, chumba cha ndani cha kutunzia nafaka, mafuta na vyombo. Basi Bwana hakusema juu ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya sala. Alisema juu ya mahali penye kazi nyingine mchana kutwa, kati ya magunia na mitungi, ambapo mtu anapaazima kwa muda mfupi ili aombe, kisha panarudia kazi yake.

Hilo ndilo somo letu la leo. Katika nyumba ndogo, pembe ya sala haijengwi kwa matofali. Inajengwa kwa mkeka unaokunjwa, kwa saa inayojulikana, na kwa mapatano ya watu wa nyumba. Mwenye kutafuta ukuta mpya atangoja miaka. Mwenye kutafuta saa ataipata juma hili.

1. KUTAFUTA MAHALI NA SAA PAMOJA

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchagua mahali kwa macho. Mtu anaona pembe moja ya saloni ni nzuri, anaweka meza ndogo na kitambaa cheupe, na kisha juma mbili meza hiyo imebeba sahani, daftari za watoto na simu zinazowekwa moto. Mahali palikuwa pazuri, lakini palikuwa njia ya watu. Ukitaka kujua kama pembe yako imekufa, tazama tu vitu vilivyo juu yake. Kama sherti uondoe vitu vya wengine kila mara mbele ya kupiga magoti, pembe hiyo si yako tena.

Njia nzuri ni kuangalia nyumba kwa siku tatu, bila kugeuza kitu. Twaa karatasi, andika kila mahali ndani ya nyumba ambapo mtu mmoja anaweza kupiga magoti, na pembeni yake andika ni nani anapita pale asubuhi, mchana, jioni na usiku. Siku ya posho iwe mojawapo ya siku hizo tatu, kwa maana watoto wako nyumbani na nyumba inabadilika.

Tupime pia, kwa mkono au kwa meta ya fundi. Mtu aliyepiga magoti akiwa wima anahitaji nafasi ya sentimeta 70 kutoka magoti mpaka vidole vya miguu. Akiinamisha kichwa mpaka chini, anahitaji meta 1 hivi. Upana wa mabega na viwiko ni sentimeta 70. Basi nafasi ya meta 1 kwa sentimeta 70 inatosha mtu mmoja kabisa, na nafasi hiyo iko karibu katika kila nyumba. Mara nyingi ni masanduku na mabidoni yaliyoikalia.

2. MFANO WA NYUMBA MOJA YA KATUBA

Tutwae mfano wa jamaa moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nyumba ni ya matofali ya udongo na malata, saloni moja na chumba kimoja. Ndani kuna baba, mama, nyanya na watoto watano. Usiku baba na mama wanalala chumbani pamoja na mtoto mdogo. Katika saloni wanatandika matela mbili: moja ya nyanya na wasichana wawili, nyingine ya vijana wawili. Baba anatoka kwenda kazini mbele ya jua kutoka. Mama anauza mikate ya mafuta kando ya barabara asubuhi, anarudi watoto wakiwa wamekwisha kwenda masomoni.

Karatasi yao ilionyesha mambo haya. Saloni haina hata saa moja ya kimya: usiku ni matela, asubuhi ni watoto kuvaa, mchana ni wageni na majirani, jioni ni chakula na masomo ya nyumbani. Nyuma ya mlango wa nje kuna nafasi, lakini kila anayeingia anamgonga aliye pale. Chumba ndicho kilikuwa wazi kwa muda mrefu zaidi, tangu watoto kwenda masomoni mpaka wanaporudi, na hakuna aliyekuwa amefikiri juu yake, kwa sababu watu huhesabu chumba kuwa mahali pa kulala tu.

Chumba hicho kina urefu wa meta 3 na upana wa meta 2 na nusu. Kitanda kina urefu wa meta 1 na sentimeta 90, na kichwa chake kinagusa ukuta. Kwa hiyo upande wa miguu ilibaki nafasi ya meta 1 na sentimeta 10, mbali na njia ya mlango. Lakini palijaa gunia la makala, mabidoni mawili na masanduku ya nguo. Waliinua kitanda kwa kuweka matofali mawili chini ya kila mguu, wakasukuma masanduku chini yake. Gunia la makala lilipelekwa nje chini ya malata ya jiko, juu ya mbao ili lisinyeshewe. Mabidoni yakaenda pembeni ya mlango wa nje. Kazi hiyo ilichukua nusu ya siku, na hawakununua kitu isipokuwa mkeka na msumari wa kuutundikia.

Kisha wakakaa wote na kupatana saa, na hili ndilo lililokuwa gumu. Mama akitoka sokoni ana saa yake mbele ya kuwasha mbabula ya chakula cha mchana. Nyanya ana saa yake kisha chakula, wakati wengine wanapumzika. Baba, ambaye anatoka gizani, alitaka asubuhi mapema, lakini mtoto mdogo analala kitandani palepale na taa inamwamsha. Kwa hiyo baba alitwaa jioni, wakati watoto wanaandika masomo yao katika saloni, na kwa muda huo mama anamshika mtoto mdogo saloni. Watoto wakubwa wanaingia mmoja mmoja wakirudi masomoni, dakika chache tu, kama wanataka. Hawalazimishwi.

Wakaongeza alama moja: rido ya chumba ikiwa imefungwa kwa fundo, mtu yuko mbele ya Mungu, hakuna kumwita, isipokuwa moto, ugonjwa au mgeni wa mbali. Ikiwa rido haina fundo, chumba ni cha wote. Fundo hilo ndilo mlango ambao Bwana alisema ufungwe. Juma la kwanza watoto waliita mara nyingi. Juma la tatu mdogo mwenyewe alikuwa akiwaambia wengine: nyamazeni, rido ina fundo.

3. VITU VYA KUWEKA, NA VYA KUTOWEKA

Pembe ya jamaa hiyo ina vitu vitatu: mkeka, kisanduku chenye Biblia na kitabu cha nyimbo, na chupa ya maji ya Nkamba. Viatu vinaachwa nje ya rido, kama tunavyofanya kanisani, kufuata neno ambalo Musa aliambiwa katika Kutoka 3:5. Wamama wana kitambaa cha kichwa kilichotundikwa pamoja na mkeka, ili asiyekuwa nacho asirudi kutafuta na kupoteza saa yake. Saa ya mkono, feza na simu zinabaki katika sahani ndogo saloni. Simu isiingie hata ikiwa imezimwa, maana mkono unaijua njia ya kwenda kwake.

Mkeka usiachwe chini. Katika nyumba ya matofali ya udongo, wakati wa mvua unyevu unapanda ukutani kutoka chini, na mkeka unaolala chini unaota ukungu upande usioonekana, kisha mchwa wanakuja. Ukiona mstari mweusi chini ya ukuta, au unga mweupe kama chumvi unaoanguka ukigusa, jua kwamba ukuta huo una maji. Kama una shaka, bandika kipande cha plastiki chini ya ukuta kwa udongo pande zote, ukiache usiku mmoja. Kikiwa na matone ya maji upande wa ukuta, sogeza pembe yako upana wa mkono mmoja kutoka ukuta huo, na Biblia ikae katika kisanduku chenye kifuniko, juu, si chini. Mkeka ukunjwe na kutundikwa kila mara sala ikiisha.

Maji ya Nkamba yasikae katika chupa inayofanana na chupa za mafuta ya taa, esansi au soda kostiki. Nyumba nyingi zinatunza vitu hivyo katika chupa za plastiki za namna moja, na mtoto au mgonjwa akinywa gizani anaweza kufa. Chupa ya maji iwe na alama isiyofutika, na chupa za sumu zisiingie chumbani kabisa. Tena, mgonjwa mwenye dawa za daktari aendelee kuzinywa kama alivyoandikiwa. Pembe ya sala haiko pale ili kumwondoa hospitalini.

Juu ya nuru, ni vema kutumia taa ndogo ya betri au ya jua. Kama kura imekatika na kuna buji tu, ibandike ndani ya sahani ya chuma yenye mchanga, mbali na rido, chandarua na mkeka kwa urefu wa mkono mzima, na ukisimama uizime mbele ya kugusa kitu kingine. Rido na chandarua vinashika moto mbio kuliko mtu anavyoweza kuinuka kutoka magotini.

Na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mtu asiingize mbabula yenye makala chumbani ili aombe usiku akiota moto. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito. Mwenye kuomba anaweza kufikiri ni utulivu wa roho, kumbe ni mauti. Akisikia hivyo atoke nje mara moja, na awatoe wote waliolala ndani. Kwa baridi, blanketi mabegani inatosha.

4. PEMBE ISIYO NA SIRI

Jambo hili tusilipite haraka. Katika miji yetu, mahali palipofunikwa kwa kitambaa cheupe, penye chupa ya maji, panapoingiwa na mtu mmoja mmoja, panaleta maneno. Jirani anauliza: wanafanya nini mle? Mkwe akija kutoka kijijini anaona chupa na ananyamaza, lakini akirudi anasema. Jamaa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Katika nyumba ile ya Katuba neno lilikuja kisha mwezi mmoja. Jirani aliona rido yenye fundo kila siku saa ileile, na akasema penye bomba la maji kwamba kuna kitu kinatunzwa mle. Nyanya hakugombana. Alimwita jirani huyo mchana, akafungua rido, akakunjua mkeka mbele yake, akamwonyesha Biblia, akafungua chupa na kunywa. Kisha akamwambia: mama, siku ukiwa na mzigo, mkeka ni wako pia. Maneno yakaisha.

Kwa hiyo tushike kanuni hii: kila kitu kilicho katika pembe ya sala kiweze kuonyeshwa kwa mtu yeyote, siku yoyote, bila kuondoa kitu kwanza. Kusiwe udongo uliofungwa katika kitambaa, wala karatasi zenye majina ya watu, wala picha ya mtu ambaye tuna neno naye. Siri ambayo Bwana alisema ni maneno kati yako na Baba. Vitu havina siri.

Tena, pembe hiyo isiwe kamwe mahali pa kumchunguza mtoto. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeota ndoto mbaya, anayeanguka kifafa au asiyesikia, asipigishwe magoti pale usiku kucha ili aungame buchawi. Huko si kuomba. Ni kumtesa, na tena ni kosa mbele ya sheria: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto katika inchi yetu inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na inamtia gerezani anayefanya hivyo. Mtoto aliyeogopeshwa mara moja katika pembe ya sala hatarudi pale kwa hiari yake tena. Mpeleke kwa muganga wa hospitali, na umwombee ukimshika mkono.

5. SAUTI, NA WALE WASIOWEZA KUPIGA MAGOTI

Katika nyumba nyingi za malata, ukuta wa kati haufiki juu. Sauti inapita juu yake na kushuka upande wa pili, na katika parseli yenye nyumba tatu, majirani wote wanasikia ungamo lako. Tukumbuke Hana katika 1 Samweli 1:13. Midomo yake ilitikisika lakini sauti haikusikika, hata Eli akamdhania mlevi, na Mungu alimjibu. Sauti kubwa ina mahali pake katika ibada ya wote. Katika pembe ya nyumba, tuombe kwa sauti ambayo mtu akiwa upande wa pili wa rido asiweze kufahamu maneno. Mjaribu: mmoja aombe, mwingine asimame saloni. Kama anafahamu, sauti ipunguzwe. Mtu anayejua kwamba hasikiwi ndiye anaweza kumwambia Mungu ukweli juu ya deni lake, juu ya ndoa yake, juu ya hasira yake kwa mtoto wake.

Nyanya wa nyumba ile ana magoti yanayouma. Mwanzo alijikaza, na kisha hakuweza kuinuka pasipo kumwita mtu, akaanza kuikwepa saa yake. Walimwekea kiti kifupi juu ya mkeka, uso ukielekea ukuta, na amerudi kila siku. Mfalme Hezekia, tunasoma katika 2 Wafalme 20:2, alikuwa mgonjwa wa kufa. Hakuweza kwenda hekaluni, hakuweza hata kutoka kitandani. Aligeuza uso wake ukutani akaomba. Ukuta ule ulikuwa pembe yake ya sala. Basi mgonjwa, mama aliyejifungua, na mzee, wana pembe palepale walipolala. Jamaa wawape tu saa, na kimya.

Tusisahau pia historia yetu wenyewe. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, ni kusema Lubumbashi hii ya leo. Alikaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30. Kwa miaka hiyo, na mpaka mwaka 1959, waamini walikatazwa kukusanyika, wakaomba katika nyumba zao kwa sauti ya chini. Kanisa hili lilitunzwa katika pembe ndogo kuliko zetu, na watu waliokuwa na hofu ya mlango kugongwa. Sisi hatugongewi mlango na askari. Tunagongewa na simu, na jirani, na sahani zisizooshwa.

6. KAMA SAA IMEPOTEA

Itatokea. Mgeni atakuja kutoka kijijini na kulala chumbani mwezi mzima. Mtoto atazaliwa. Mvua itaingia. Katika siku hizo mkeka unahama: nyuma ya nyumba alfajiri, au chini ya mwembe, au saloni kisha wote kulala. Saa ikihama, iambiwe wote, kama ilivyoambiwa mara ya kwanza. Pembe inakufa pale mmoja anapohamisha saa yake kimyakimya na kuingia katika saa ya mwenzake. Ndipo ugomvi unaanza juu ya mkeka wenyewe, na mama, kwa kuwa ana kazi nyingi, ndiye anayeachia. Baba wa nyumba aangalie hilo. Akiona majuma mawili yamepita na rido haikufungwa fundo kwa ajili ya mama, atwae mtoto mdogo mkononi na aseme: nenda, mimi niko na mbabula.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni mahali gani ambapo hakuna anayepita, na ni saa gani?
2. Ni kitu gani kimekalia nafasi ya meta 1 ambayo tungeweza kuitumia?
3. Nani kati yetu hana saa yake, na ni kazi gani tumwondolee ili aipate?
4. Kama jirani akiomba kuona pembe yetu leo, kuna kitu tungekificha kwanza? Kwa nini?
5. Alama yetu ya mlango uliofungwa itakuwa nini?

Neema ya Bwana iwe katika nyumba zenu, na kwa wote wanaolala ndani yake. Amina.